Unaposoma au kulala: jinsi ya kunyamazisha simu bila kukosa simu ya dharura

Wengi wetu tunaoishi Arua, Koboko na katika makazi ya Rhino Camp, Imvepi na Lobule tunalala simu ikiwa karibu na kichwa. Sababu inajulikana. Familia imegawanyika: mmoja yuko hapa, mwingine amebaki Aru ng'ambo ya mpaka, mwingine yuko Juba, mwingine amepelekwa Kanada au Australia. Habari za ugonjwa, za safari na za kifo hufika kwa simu, na hazichagui saa.

Lakini simu hiyohiyo hulia kwa mambo mengine mengi. Kundi la WhatsApp la kanisa, kundi la wanafunzi, matangazo ya kampuni ya simu, rafiki anayetuma video saa sita usiku. Mwanafunzi anayesoma anakatizwa kila dakika chache, na mzazi aliyelima kutwa anaamshwa mara tatu kabla ya alfajiri.

Makala hii inakuonyesha jinsi ya kuiambia simu yako: "Nyamaza, isipokuwa hawa wachache wakipiga." Simu nyingi za kugusa zinazouzwa hapa kwetu, kama Tecno, Itel, Infinix na Samsung, zina uwezo huo. Hauhitaji intaneti na haugharimu kitu.

Tuanze na mfano

Tuseme kuna familia inayoishi Lobule, wilaya ya Koboko. Mama ana simu moja ya Tecno, nayo ndiyo simu ya nyumba nzima. Binti yake yuko kidato cha nne na anajiandaa kwa mitihani ya UNEB. Jioni anaitumia simu hiyo kusoma maswali ya miaka iliyopita ambayo mwalimu amewatumia. Baba anafanya kazi Arua na ana laini mbili. Bibi, mama mzazi wa mama, amebaki Aru upande wa Kongo na ni mgonjwa. Yeye hana simu, hivyo jirani yake ndiye hupiga. Kaka mkubwa yuko Rhino Camp.

Familia hii inataka mambo mawili. Kuanzia saa mbili hadi saa nne usiku, binti asome bila kukatizwa. Kuanzia saa nne hadi saa kumi na moja alfajiri, watu walale. Hata hivyo, jirani wa bibi akipiga saa nane usiku, simu lazima ilie.

Kwa nini tusizime simu tu?

Ukizima simu, au ukiiweka kwenye hali ya ndege, hakuna anayekupata. Jirani wa bibi atasikia kwamba namba haipatikani.

Ukiondoa mlio, simu zinaingia lakini husikii hata moja. Utaona asubuhi kwamba ulipigiwa mara saba.

Njia ya tatu inaitwa "Do Not Disturb". Ukiwa umeiweka simu kwa Kiswahili, utaona imeandikwa "Usinisumbue". Hapa simu inabaki hewani na inapokea kila kitu, ila inalia kwa wale tu uliowaruhusu. Wengine wanaingia kimya. Hakuna kinachofutwa: simu ulizokosa zinabaki kwenye orodha na ujumbe unakusubiri. Aliyepiga naye hajui kwamba umemnyamazisha, kwa sababu upande wake anasikia simu inaita kama kawaida.

Hatua ya 1: Chagua watu wachache

Kabla ya kugusa simu, kaeni pamoja nyumbani mkubaliane. Simu ya familia ina watu wengi nyuma yake, na anayeamua peke yake anaweza kumwacha nje mtu ambaye mwenzake anamhitaji.

Swali la kujiuliza ni hili: mtu huyu akipiga saa nane usiku, je, nitahitaji kuamka? Kwa familia ya mfano wetu, jibu ni ndiyo kwa watu watano: jirani wa bibi, baba, kaka wa Rhino Camp, mhudumu wa afya wa kijiji, na dereva wa bodaboda anayekubali kubeba mgonjwa usiku. Wengine huongeza mwenyekiti wa bloku au, kwa wenyeji, mwenyekiti wa LC1.

Orodha ikifika watu ishirini, umerudi ulikotoka. Rafiki mpendwa anayependa kuzungumza usiku anaweza kusubiri hadi asubuhi.

Hatua ya 2: Hifadhi namba zao vizuri

Hapa ndipo watu wengi hukosea bila kujua. Simu inamtambua mtu kwa namba iliyohifadhiwa. Namba ikiwa imehifadhiwa vibaya, simu inamwona kama mgeni na haitalia.

Kwanza, andika namba pamoja na alama ya nchi. Namba ya Uganda inayoanza na 07 iandike kuanzia +2567. Namba ya Kongo huanza na +243, na ya Sudan Kusini +211. Ukihifadhi namba ya Kongo kwa kuanza na sifuri, kama inavyoandikwa kule, simu yako iliyo Uganda inaweza kushindwa kuitambua inapopiga.

Pili, mtu mwenye laini mbili awe na jina moja lenye namba mbili. Baba wa mfano wetu ana laini ya MTN na ya Airtel. Kama mama amehifadhi "Baba" na "Baba Airtel" kama watu wawili, kisha akamruhusu "Baba" tu, siku baba atakapopiga kwa laini ya pili simu itanyamaza. Fungua jina la kwanza, chagua kuhariri, ongeza namba ya pili hapohapo, halafu futa lile jina la ziada.

Tatu, hakikisha majina hayo yamehifadhiwa kwenye simu yenyewe. Jina lililo kwenye kadi ya laini peke yake mara nyingi halikubali kuwekewa alama tutakayoitaja sasa.

Hatua ya 3: Waweke nyota

Fungua "Contacts", yaani orodha ya majina. Gusa jina la mtu uliyemchagua. Juu ya ukurasa wake utaona alama ya nyota. Iguse mpaka ijae rangi. Kwenye baadhi ya simu nyota imefichwa ndani ya vidoti vitatu, nayo huandikwa "Add to favourites".

Rudia kwa kila mmoja wa wale watano. Nyota haimpi mtu huyo taarifa yoyote, wala haibadilishi chochote kwenye simu yake.

Hatua ya 4: Iambie simu nani apite

Fungua "Settings", kisha "Sound & vibration" au "Sound", kisha "Do Not Disturb". Mpangilio wa kurasa hutofautiana kati ya aina za simu, na kwenye simu mpya unaweza kuikuta ndani ya "Modes". Usipoiona, gusa alama ya kutafuta juu ya "Settings" na uandike maneno "Do Not Disturb".

Ndani yake tafuta "People". Kwenye "Calls", chagua "Starred contacts". Maana yake ni kwamba simu italia wakipiga wenye nyota tu. Usichague "Contacts", kwa sababu hiyo inamruhusu kila mtu uliyehifadhi namba yake. Usichague "None" pia, kwa sababu hiyo inawafungia wote nje, hata mama yako.

Hapohapo utaona "Allow repeat callers". Iwashe. Tutaeleza kazi yake baadaye kidogo, kwani ndiyo muhimu kuliko zote kwa familia zilizotengana.

Kwenye "Messages" unaweza kuchagua "Starred contacts" au "None". Familia yetu imechagua "None", kwa sababu mwenye dharura hupiga, haandiki.

Mwisho, tafuta sehemu ya "Alarms" na uhakikishe imeruhusiwa. La sivyo kengele ya alfajiri haitalia na mtoto atachelewa shule.

Simu za zamani kidogo zina maneno matatu tu: "Total silence", "Alarms only" na "Priority only". Chagua "Priority only". Hizo mbili nyingine hazimruhusu mtu yeyote kukufikia.

Hatua ya 5: Weka saa zake

Ukiiwasha kwa mkono kila usiku, siku moja utasahau kuizima, na mchana utakosa simu za watu wote. Ni heri simu ijiwashe na kujizima yenyewe.

Kwenye ukurasa uleule, fungua "Schedules". Gusa kuongeza ratiba mpya na uchague "Time". Chagua siku, saa ya kuanza na saa ya kumaliza.

Angalia saa kwa makini. Sisi tunasema saa mbili usiku, lakini simu huandika 20:00 au 8:00 PM. Saa nne usiku ni 22:00, na saa kumi na moja alfajiri ni 05:00. Ukiandika 2:00 PM ukidhani ni saa mbili usiku, simu itanyamaza saa nane mchana, wakati ambao ofisi zinapiga.

Familia ya Lobule inaweka ratiba mbili. Ya kwanza, "Kusoma", inaanza 20:00 hadi 22:00, Jumatatu hadi Ijumaa. Ya pili, "Kulala", inaanza 22:00 hadi 05:00, kila siku.

Simu ya kuazima: kanuni ya kupiga mara mbili

Sasa turudi kwenye "Allow repeat callers".

Fikiria kaka anasafiri kutoka Rhino Camp na anapata ajali njiani. Simu yake imevunjika. Anaomba simu ya mpita njia na kupiga nyumbani saa tano usiku. Namba hiyo haina nyota, hata haijahifadhiwa. Simu ya mama inanyamaza.

Au jirani wa bibi ameishiwa salio, anaazima simu ya mtu mwingine. Au ndugu amefika mpakani Vurra jioni, hana laini ya Uganda, anapiga kwa simu ya dereva. Watu wengi waliokimbia makwao wamewahi kupiga simu muhimu kwa kutumia simu isiyo yao, kwa hiyo nyota peke yake haitoshi.

"Allow repeat callers" inafungua mlango wa pili. Kwenye simu za Android, namba yoyote ikipiga mara mbili ndani ya dakika 15, mara ya pili simu inalia, hata kama mpigaji ni mgeni kabisa. Lazima iwe namba ileile mara zote mbili.

Kwa hiyo waambie ndugu zako wote maneno haya, leo, kabla ya dharura: "Ukinipigia usiku nisipopokea, piga tena papo hapo kwa namba hiyohiyo." Asiyejua kanuni hii atapiga mara moja, atadhani umelala fofofo, na atakata tamaa. Au atabadilisha simu na kupiga kwa namba nyingine, na hesabu itaanza upya.

Kanuni hii ina gharama ndogo. Mtu mwenye haraka zisizo na maana anaweza naye kupiga mara mbili na kukuamsha. Ukimpata wa namna hiyo, zungumza naye mchana. Usizime mlango huu kwa sababu yake.

Wenye iPhone watakuta mambo haya ndani ya "Settings", kisha "Focus". Huko mlango wa pili unaitwa "Allow Repeated Calls", lakini muda ni mfupi: simu ya pili lazima ije ndani ya dakika tatu. Ndiyo maana tunasema "papo hapo".

WhatsApp ni jambo lingine

Nyota zinafanya kazi vizuri kwa simu za kawaida za laini. Kwa simu zinazopigwa kupitia WhatsApp usizitegemee. Kwenye baadhi ya simu mpigaji mwenye nyota anapita, kwenye nyingine anazuiwa.

Unaweza kuingia "Do Not Disturb", sehemu ya "Apps", na kuiruhusu WhatsApp ipite. Lakini ukifanya hivyo, WhatsApp yote inapita, pamoja na makundi na video za usiku wa manane. Itabidi ufungue kila kundi, uguse jina lake, uchague "Mute notifications" na kisha "Always". Inawezekana, ila ni kazi, na kundi jipya likikuongeza utaanza tena.

Kuna pia jambo la data. Wengi wetu huzima data usiku ili bando lisiishe. Data ikiwa imezimwa, hakuna simu ya WhatsApp itakayoingia, hata ya mwenye nyota kumi. Na baadhi ya simu hufunga programu zenyewe usiku ili kutunza chaji, hivyo WhatsApp hailii mpaka uifungue.

Ushauri wetu ni rahisi. Kubalianeni katika familia kwamba dharura hupigwa kwa laini ya kawaida, si WhatsApp. Ndugu aliye Kanada azoee kupiga WhatsApp kwa saa mliyopanga. Jioni ya Toronto kwetu ni usiku wa manane, na mara nyingi hapigi usiku kwa sababu ya dharura, bali kwa sababu ndiyo kwanza ametoka kazini.

Karibu na mpaka, angalia saa ya simu

Tatizo hili linawahusu hasa watu wa Koboko, Lobule na vijiji vya mpakani. Uganda iko saa moja mbele ya mashariki mwa Kongo. Tangu tarehe 1 Februari 2021, iko saa moja mbele ya Sudan Kusini pia, kwa kuwa nchi hiyo ilirudisha saa zake nyuma siku hiyo.

Simu yako ikishika mnara wa ng'ambo, inaweza kufuata saa za huko bila kukuuliza. Ratiba ya kusoma uliyoiweka saa mbili usiku itaanza saa tatu. Kengele ya saa kumi na moja italia saa kumi na mbili, na binti atafika shuleni amechelewa bila kuelewa kwa nini.

Dalili ni kwamba saa ya simu inapishana na ya redio au ya jirani kwa saa moja kamili. Dawa yake: fungua "Settings", tafuta "Date & time", zima "Set time zone automatically" au "Automatic time zone", kisha chagua mwenyewe "Kampala" au "East Africa Time". Ukisafiri kwenda nje ya Uganda, kumbuka kuiwasha tena.

Mwanafunzi anahitaji hatua moja zaidi

"Do Not Disturb" inazuia sauti, haizuii mkono. Binti anasoma maswali kwenye simu hiyohiyo, na TikTok ipo pembeni ikimwita. Kwa hilo kuna "Focus mode". Simu nyingi za Android zinayo ndani ya "Settings", kwenye "Digital Wellbeing & parental controls".

Ndani yake unachagua programu za kusimamishwa, kwa mfano TikTok na YouTube. Muda wa kusoma ukifika, alama zake zinafifia, hazifunguki, na hazitumi taarifa. Simu za kawaida zinaendelea kuingia kama ulivyopanga. Unaweza kuiwekea ratiba ya siku na saa, kama tulivyofanya juu.

Tahadhari moja: ukiiweka WhatsApp kwenye orodha ya kusimamishwa, simu na ujumbe wa WhatsApp hazitaonekana mpaka muda uishe. Kama mwalimu hutuma maswali kwa njia hiyo, yapakue kabla ya saa mbili.

Jaribu kabla ya kulala

Usiamini mpangilio ambao hujaujaribu. Iwashe "Do Not Disturb" kwa mkono jioni, kisha fanyeni majaribio matatu.

Kwanza, mtu mwenye nyota apige. Simu lazima ilie. Isipolia, angalia sauti ya mlio. Hili ndilo kosa linalotokea mara nyingi: "Do Not Disturb" haiongezi sauti. Kama simu ilikuwa imewekwa kimya au kwenye mtetemo, hata mwenye nyota hasikiki. Pandisha sauti ya mlio na uiache juu. Kazi ya kunyamazisha waachie ratiba.

Pili, mtu asiye na nyota apige mara moja. Simu inyamaze.

Tatu, mtu huyohuyo apige tena baada ya dakika moja. Simu ilie. Isipolia, rudi "People" uone kama "Allow repeat callers" imewashwa.

Baba wa mfano wetu apige kwa laini zote mbili, na jirani wa bibi apige kutoka Aru. Simu ya kutoka nchi nyingine ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kutotambuliwa.

Kama una simu ya vitufe

Simu nyingi ndogo za vitufe hazina mpangilio huu. Lakini nyingi hubeba laini mbili, na hilo linasaidia. Tumia laini moja kwa kila mtu na kila kundi. Namba ya laini ya pili wape wale watano tu. Usiku, ingia kwenye menyu, zima laini ya kwanza na uache ya pili.

Njia hii ina upungufu. Laini iliyozimwa haipatikani kabisa, na mtu aliyeazima simu lazima awe anakumbuka namba yako ya pili kichwani. Waambie ndugu waikariri au waiandike kwenye karatasi. Piga simu au tuma ujumbe kwa laini hiyo mara kwa mara pia, kwani laini isiyotumika kwa muda mrefu inaweza kufungwa na kampuni.

Simu za ofisi

Mtu anayesubiri simu kuhusu usaili, msaada au rufaa ya hospitali huogopa kunyamazisha simu, na ana haki ya kuogopa. Ofisi hupiga kwa namba usizozijua, na wafanyakazi hubadilika, hivyo huwezi kuziwekea nyota.

Ulinzi wako ni saa. Kwa kawaida ofisi hupiga mchana, siku za kazi. Usiweke ratiba yoyote ya kunyamaza kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni, yaani 08:00 hadi 17:00, hata kama unasoma nyumbani. Wakati huo tumia "Focus mode" pekee, maana hiyo haizuii simu.

Kwenye WhatsApp kuna pia "Silence unknown callers", inayonyamazisha namba usizozihifadhi. Kama unasubiri simu ya ofisi, iache imezimwa. Na kila asubuhi pitia orodha ya simu ulizokosa. Ukiona namba usiyoijua, usimpe mwenye namba hiyo namba ya siri ya pesa za simu wala nambari za kitambulisho chako kabla hujajua ni nani. Ukitaka kuuliza kama ofisi fulani ilikutafuta, piga namba ya bure ya FRRM, 0800323232, au uliza kwenye dawati la ulinzi la makazi yako.

Jambo la mwisho: mpangilio huu unafanya kazi pale simu ilipo. Ukiiacha usiku kwenye duka la kuchaji senta, wale watano wenye nyota watamwamsha mwenye duka, nawe hutajua. Chaji simu mchana, na usiku ilale nyumbani.